Naomba ushauri: marekebisho ya stoku yote yameandikwa "admin", na mkaguzi anauliza nani aliyakubali

MhasibuWaZiwa

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mhasibu katika kampuni ya jumla inayouza mafuta ya kupikia, sukari, unga na sabuni, yenye maghala mawili jijini Mwanza. Mfumo wetu wa stoku ulitengenezwa miaka minne iliyopita na fundi wa hapa hapa, hifadhidata yake ni PostgreSQL, na kwa upande wa mauzo na ankara haujawahi kutusumbua. Shida iko kwenye ukurasa mmoja tu, ule wa kurekebisha stoku.

Mkaguzi wa nje aliomba orodha ya marekebisho ya miezi mitatu. Ikatoka mistari 214, na kati ya hiyo 171 imeingizwa kwa jina la `admin`, huku nafasi ya sababu ikiwa na neno moja: "marekebisho". Nenosiri la `admin` tunalijua watu watano, nami nimo. Mkaguzi hakugomba. Alizungushia mstari mmoja kwa kalamu akaniuliza ni nani aliyeukubali, nikabaki namtazama.

Mstari wenyewe ni huu. Jumamosi saa 12 jioni tulihesabu mafuta ya lita moja, ambayo katoni yake ina chupa 12. Ghalani zilikuwepo katoni 388, mfumo ukasema 406, kwa hiyo upungufu ukawa katoni 18. Bosi alikuwa safarini, akanijibu kwa WhatsApp siku ya Jumatano kwamba nirekebishe. Ukurasa wetu unauliza "Idadi mpya", nami nikaandika 388. Mwezi uliofuata tukahesabu tena, zikapungua katoni 10, na sasa mtunza ghala ameambiwa kwamba atakatwa mshahara.

Maswali yangu ni mawili. Tuutengeneze vipi mfumo ili kila marekebisho yawe na sababu na jina la mtu aliyeyaidhinisha? Na je, katika mstari huo nilikosea mahali?

FundiMifumo

Ndugu mhasibu, jambo lako si gumu. Mwambie fundi wenu auondoe ukurasa huo kwa watumiaji wote, abaki nao bosi peke yake. Kila marekebisho yatakuwa na jina lake, na mkaguzi hatakuwa na la kuuliza. Kuhusu mstari wa mafuta sioni kosa lako, kwa sababu 388 ndiyo idadi iliyohesabiwa kwa macho, na mfumo sharti ufuate kilichomo ghalani. Hizo 10 amezipoteza mtunza ghala.

MhasibuWaZiwa

Nashukuru, ndugu. Ninachohofia ni kwamba bosi husafiri karibu kila wiki, na sisi watano tulilipata nenosiri hilo kwa sababu hiyo hiyo: yeye hayupo na lori linasubiri. Ukurasa ukibaki kwake peke yake, baada ya wiki mbili na nenosiri lake pia tutakuwa nalo.

KakaKisauni

Huku kwetu Mombasa jambo hili lilikwisha zamani. Ankara ikishatumwa kwa mamlaka ya kodi kupitia eTIMS haifutwi tena. Ukikosea bei au idadi, unatoa krediti noti inayoitaja ankara ile ya kwanza, na zote mbili zinabaki zikionekana. Tumieni krediti noti, wakaguzi watatulia.

MhasibuWaZiwa

Kaka, hayo ni ya ankara za mauzo, na huko hatuna tatizo. Mimi ninazungumzia bidhaa zilizopungua au kuzidi ghalani bila ankara yoyote.

MamaUkaguzi

Mwanangu mhasibu, nimefanya ukaguzi wa ndani kwa miaka mingi, mingi zaidi katika maghala ya chakula, na nitaanza na swali lako la pili kwa sababu kuna mtu anayekaribia kukatwa mshahara. Niambie kwanza mambo mawili. Kati ya Jumamosi saa 12 jioni na saa ile ya Jumatano ulipoandika 388, mfumo unaonyesha mafuta hayo yaliuzwa katoni ngapi na yalipokelewa ngapi?

Kaka wa Kisauni usimpuuze. Amejibu swali ambalo hukuuliza, lakini kile alichokitaja cha kutofuta kosa bali kuandika mstari mwingine unaolitaja, utakihitaji kabla hatujamaliza.

MhasibuWaZiwa

Mama, shikamoo. Nimetoa taarifa ya mfumo sasa hivi. Ziliuzwa katoni 65 na zilipokelewa 40.

MamaUkaguzi

Marahaba. Basi twende taratibu.

Jumamosi mfumo ulikuwa na 406. Toa 65, ongeza 40, Jumatano ulikuwa na 381. Ulipoandika 388 mfumo haukupunguza katoni hata moja, uliongeza saba. Fungua mstari ule uliozungushiwa kalamu utaona umeandikwa +7, wakati karatasi ya kuhesabu uliyosaini inasema upungufu wa 18. Idadi ya 388 ilikuwa kweli Jumamosi jioni tu. Ghala halikusimama siku nne likimsubiri bosi ajibu.

Kinachoombewa idhini baada ya kuhesabu ni tofauti iliyoonekana katika saa ya kuhesabu. Tofauti ya kutoa 18 inabaki kuwa kutoa 18 hata ikiidhinishwa baada ya wiki, kwa kuwa mauzo na mapokezi ya baadaye yanaendelea kujihesabu yenyewe. Ungeingiza kutoa 18 siku ile ya Jumatano, mfumo ungebaki na 363. Uliuachia 388, yaani umezidi kwa 25.

Hapo ndipo pananitatiza, na ninakuomba upafanyie kazi kabla ya mshahara. Kama upungufu wa Jumamosi ulikuwa wa kweli, hesabu ya mwezi uliofuata ingeonyesha upungufu wa 25. Ninyi mmeona 10. Katoni 15 zimejirudisha zenyewe, na katoni haijirudishi. Katafute katika hati za kutolea mizigo katoni 15 zilizotoka getini kabla ya saa 12 jioni ya Jumamosi, lakini ankara yake ikaingizwa kwenye mfumo Jumapili au Jumatatu. Anza na wateja wa mkopo.

FundiMifumo

Mama, naomba radhi, nilijibu haraka. Nilidhani idadi mpya na tofauti ni kitu kimoja, na kusema kweli mifumo mitatu niliyoitengeneza mimi yote inauliza idadi mpya, kwa sababu watunza ghala huona ni rahisi kuandika walichokihesabu kuliko kufanya hesabu ya kutoa.

MamaUkaguzi

Na waandike walichokihesabu, mwanangu, hilo si baya. Mfumo ndio uifanye hesabu ya kutoa, ila uilinganishe idadi yao na salio la saa ya kuhesabu, usiilinganishe na salio la saa ya kubonyeza. Kwa hiyo kwenye fomu pawepo nafasi ya tarehe na saa ya kuhesabu, nayo iwe ya lazima. Tofauti ikishapatikana igandishwe kwenye ombi, isikokotolewe upya wakati wa kuidhinisha, kwa sababu mwidhinishaji lazima aone namba ile ile itakayoingia kwenye stoku.

MfamasiaWaJumla

Samahani kwa kuingilia, nami yamenikuta kwenye dawa. Kwetu sababu kubwa ya marekebisho ni dawa kuisha muda, na hatuwezi kuzitoa kwenye stoku siku ile ile, kwa kuwa uteketezaji wake lazima usimamiwe na TMDA. Zamani mtunza stoo alikuwa anaandika "zimeisha muda" na kuzipunguza papo hapo, huku maboksi bado yamo chumbani. Miezi ikapita, na baadhi ya yale maboksi ambayo kwenye mfumo hayapo hayakuonekana tena hata chumbani. Hakuna aliyeweza kuulizwa, maana kwenye karatasi yalikwisha kutoka.

Sasa tuna ghala la pili kwenye mfumo, tumeliita karantini. Dawa ikiisha muda inahamishwa huko na haiuziki, lakini bado inahesabiwa. Ombi la kuipunguza haliwezi kuidhinishwa mpaka namba ya cheti cha uteketezaji iandikwe. Sijui kama sukari na sabuni zinahitaji ukali wa namna hii.

MamaUkaguzi

Sukari iliyolowa inahitaji, dada yangu. Mfuko uliolowa ukishaandikwa umeharibika, kesho unakauka juani na kuuzwa, na fedha hazifiki kaunta. Uamuzi wa kwamba bidhaa imeharibika uwe hatua moja, na kuitupa mbele ya mashahidi iwe hatua nyingine.

Nirudi kwa mhasibu na swali lake la kwanza, lile la sababu. Neno "marekebisho" si sababu, ni jina la ukurasa. Wekeni orodha fupi ya kuchagua, isizidi saba au nane: kuvunjika au kuvuja, kuisha muda, tofauti ya kuhesabu ambayo chanzo chake hakijajulikana, sampuli iliyotolewa kwa mteja, matumizi ya ofisini, na kadhalika. Orodha ikiwa ndefu watu huchagua ya kwanza. "Nyinginezo" msiiweke kabisa, kwa sababu baada ya mwezi nusu ya mistari itakuwa imekimbilia huko. Chini ya orodha pawe na maelezo ya lazima yanayotaja karatasi: namba ya karatasi ya kuhesabu, au ya hati ya bidhaa zilizoharibika.

Kosa la kupokea lisiwemo kwenye orodha hiyo. Ikiwa katoni 50 zimepokelewa kwenye mfumo kama chupa 50, msikimbilie ukurasa wa marekebisho kuongeza chupa 550. Stoku itakaa sawa, lakini deni la msambazaji na gharama ya kila chupa vitabaki vimeharibika, na chanzo kitakuwa kimefukiwa. Batilisheni mapokezi yale na kuyaingiza upya. Nimeona makampuni ambayo sehemu kubwa ya marekebisho yao, ukiyachambua, ilikuwa ni makosa ya kupokea na kuuza yaliyopitishwa mlango wa nyuma.

MhasibuWaZiwa

Na mwidhinishaji, mama? Bosi hayupo, lori linasubiri.

MamaUkaguzi

Lori haliusubiri ukurasa huu. Kama bidhaa ipo ghalani na mfumo unakataa kuiuza, hilo ni dharura ya mauzo, na aghalabu ni mapokezi ambayo hayajaingizwa. Upungufu na uharibifu vinaweza kungoja saa 24, mradi ombi limekwisha kuandikwa.

Gaweni idhini kwa thamani. Chini ya kiwango fulani, tuseme shilingi 100,000, aidhinishe meneja wa tawi. Juu yake, bosi, kwa akaunti yake mwenyewe kwenye simu yake mwenyewe. Bosi akisafiri amteue mtu kwa jina na kwa tarehe ya mwisho, na uteuzi huo uandikwe kwenye mfumo, ili mstari useme kwamba fulani aliidhinisha kwa niaba ya bosi. Aliyeomba asiidhinishe ombi lake hata akiwa bosi. Kipimo cha kiwango kisiwe kwa ombi moja moja, bali jumla ya bidhaa ile kwa mwezi mzima, na mhesabu upungufu na ziada bila kufutana; la sivyo, upungufu wa shilingi 400,000 utaingizwa mara tano kwa 80,000.

FundiMifumo

Hapa sasa naweza kusaidia. Ugumu ni kwamba programu inaweza kukataza, lakini mtu mwenye nenosiri la hifadhidata anaingia kwa mlango mwingine na kubadilisha mstari. Mimi ningetenganisha ombi na idhini ziwe majedwali mawili ya kuongeza tu, ili kuidhinisha kusihitaji kubadilisha mstari wowote uliopo:

```sql
CREATE TABLE idhini (
  ombi_id        bigint PRIMARY KEY,
  aliyeomba      int NOT NULL,
  aliyeidhinisha int NOT NULL REFERENCES watumiaji(id),
  uamuzi         text NOT NULL CHECK (uamuzi IN ('kubali','kataa')),
  wakati         timestamptz NOT NULL DEFAULT now(),
  CHECK (aliyeidhinisha <> aliyeomba),
  FOREIGN KEY (ombi_id, aliyeomba)
    REFERENCES maombi (id, aliyeomba)
);
REVOKE UPDATE, DELETE, TRUNCATE ON maombi, idhini FROM programu;
```

Jedwali la `maombi` liwe na `UNIQUE (id, aliyeomba)`, vinginevyo ule ufunguo wa pamoja utakataliwa. Faida yake ni kwamba jina la mwombaji kwenye idhini haliwezi kudanganywa, na hifadhidata yenyewe inakataa mtu kujiidhinishia, hata fundi akisahau kulizuia hilo kwenye ukurasa. Angalieni pia kwamba programu isiingie kwa jina la mmiliki wa majedwali, kwa sababu mmiliki hujirudishia ruhusa aliyonyang'anywa.

MamaUkaguzi

Umefanya vizuri. Ila mwenye ruhusa ya juu kabisa bado anaweza yote, na katika kampuni ya watu 20 mtu huyo ni wewe fundi. Dawa niliyoizoea haina teknolojia kubwa: kila usiku orodha ya maombi na idhini za siku itumwe kwa barua pepe ya mtu ambaye hana ufunguo wa seva, kwa mfano mkaguzi. Atakayebadilisha mstari wa jana atakuwa ameacha nakala yake mahali asipopafikia.

KakaKisauni

Mimi naongeza kwamba mtunza ghala asione salio la mfumo anapohesabu. Tulipomficha, ndipo tulipojua kwamba alikuwa ananakili namba zilizomo kwenye skrini.

MfamasiaWaJumla

Sisi tulijaribu kumficha, tukamrudishia. Dawa zetu zina bechi nyingi mno, na bila salio mbele yake anaruka bechi nzima bila kujua, halafu yanaletwa maombi 30 ya uongo kwa siku moja. Tukifanya hesabu ya mwisho wa mwaka tunamficha, ya kila wiki hatumfichi.

FundiMifumo

Kwa hilo mimi niko upande wa kaka.

MhasibuWaZiwa

Ndugu zangu, nimerudi na majibu. Hati nimeipata. Jumamosi saa 10 alasiri gari la mteja wetu wa Sengerema lilibeba katoni 15, hati ya kutolea mizigo ina saini ya mlinzi wa getini na saa imeandikwa, lakini ankara iliingizwa Jumatatu asubuhi kwa tarehe ya Jumatatu. Kwa hiyo katika zile 65, hizo 15 hazikuwepo ghalani tulipokuwa tunahesabu.

Nimepiga hesabu upya. Jumamosi zilikuwepo 388. Baada ya hapo zilitoka 50 tu kwa mikono na zikaingia 40, hivyo Jumatano ghala lilikuwa na 378, wakati mfumo kabla sijaugusa ulikuwa na 381. Upungufu wa kweli ni katoni tatu. Mtunza ghala amenionyesha tatu zilizovuja, zimekaa chini ya rafu tangu mwezi ule, kila moja imeandikwa tarehe kwa makapeni. Zile 10 anazodaiwa ni saba nilizoziongeza mimi pamoja na hizi tatu.

Nimemwandikia bosi, na makato yamesitishwa. Sasa ninataka kuufuta ule mstari wa +7.

MamaUkaguzi

Usiufute. Hapa ndipo pa krediti noti ya kaka wa Kisauni. Andika ombi la kutoa 7 linaloutaja mstari ule kwa namba yake, na katika maelezo useme kwamba uliingiza idadi ya Jumamosi dhidi ya salio la Jumatano. Kisha ombi la pili, kutoa 3, kwa sababu ya kuvuja, likitaja karatasi ya kuhesabu. Mwombaji ni wewe, basi mwidhinishaji awe mwingine. Katoni tatu zihesabiwe mbele ya meneja kabla hazijatupwa.

Tena chunguza kwa nini ankara ya alasiri iliingizwa Jumatatu. Msipoanza kufunga hati zote za kutolea mizigo kabla ya kuhesabu, mtakuwa mnarudia haya kila mwezi.

MhasibuWaZiwa

Nitafanya hivyo, mama. Limebaki moja. Bosi amekubali majedwali mapya na akaunti ya kila mtu, na `admin` itafungwa Ijumaa. Lakini ameniagiza niijazie ile mistari 171 ya nyuma sababu na majina, ili mkaguzi akirudi aikute imekamilika.

MamaUkaguzi

Hapana, mwanangu. Sababu iliyoandikwa leo kwa mstari wa miezi mitatu iliyopita ni hadithi, na jina la mwidhinishaji ambaye hakuidhinisha ni kughushi. Mkaguzi anayo ile orodha ya kwanza, na ataziweka mbili ubavuni. Iache mistari kama ilivyo. Kwa ile yenye karatasi, andika waraka wa pembeni wenye tarehe ya leo na saini yako, ukitaja namba ya mstari na karatasi iliyopatikana. Isiyo na karatasi, sema haina.

MhasibuWaZiwa

Nimepekua mafaili mpaka usiku. Karatasi zimepatikana kwa mistari 46, na waraka wake nimeuandika. Iliyobaki 125 nimeiorodhesha kama ilivyo, na bosi ameisaini orodha hiyo leo asubuhi, ingawa hakufurahi.